Amepona, lakini si yule: mwongozo kwa familia ya mtu aliyeumia sehemu ya mbele ya ubongo

Mtu aliyeumia kichwa akitoka hospitali akiwa anatembea, anaongea na anawataja watoto wake kwa majina, familia hushukuru na kuona mambo yamekwisha. Wiki chache baadaye malalamiko yanaanza. Aliyekuwa mpole anatukana mbele ya wakwe. Aliyekuwa mwangalifu wa pesa anakopa kwenye simu na kununua vitu asivyovihitaji. Mwingine hafanyi vurugu yoyote, anakaa kibarazani tangu asubuhi mpaka magharibi bila kuanzisha jambo. Ndugu wanasema ana kiburi, amelogwa, au ameanza bangi. Wanamwita kikao, wanamsema, anaitikia vizuri, na kesho anarudia yale yale. Mwishowe mtu anatamka kwamba sikio la kufa halisikii dawa.

Mwongozo huu ni kwa familia iliyofika hapo. Nitafuata mfano mmoja wa kutunga, ingawa kila kinachomtokea huyu mtu ni cha kawaida kwa majeraha ya aina hii: dereva wa bodaboda wa miaka 29, mume na baba wa watoto wawili, aliyeanguka bila kofia ngumu, akapoteza fahamu, akalazwa wiki tatu na kurudi nyumbani. Mke wake ndiye anayesimamia kila kitu.

Kwanza ujue kilichoumia

Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso imekaa juu ya mfupa unaotengeneza dari la macho. Upande wa ndani mfupa huo una matuta na makali. Kichwa kinaposimama ghafla kwenye lami, ubongo huendelea kusogea na kukwaruzwa juu ya matuta hayo, kama nazi juu ya mbuzi. Kwa sababu hiyo sehemu ya mbele huumia hata kwa mtu aliyepigwa kisogoni. Picha ya CT inaweza kuonyesha madoa machache ya damu, na pengine isionyeshe kitu, kwa kuwa nyuzi nyembamba zinazounganisha sehemu za ubongo zinaweza kukatika bila kuonekana kwenye picha ya aina hiyo. Picha safi haithibitishi kwamba ubongo ni mzima.

Gamba la ubongo la eneo hili lina kazi nyingi, lakini familia ikishika tatu inatosha. Upande wa juu na wa nje ndio unaotegemewa sana na kumbukumbu tendaji pamoja na kupanga. Upande wa chini, juu ya macho, unapima thamani ya mambo na kuzuia tendo lisilofaa. Upande wa ndani, katikati ya nusu mbili za ubongo, ndio unaomsukuma mtu aanze. Ajali haichagui mpaka, kwa hiyo wengi huumia sehemu zaidi ya moja.

Kumbukumbu tendaji ndiyo yenye ufunguo wa mengine, basi tukae nayo kidogo. Abiria anamwambia dereva: nipeleke sokoni, tupitie kwa fundi, usipite barabara kuu leo, nitakulipa ukinirudisha. Dereva anatakiwa kuyabeba hayo manne akilini huku akiangalia magari, mashimo na watoto wanaovuka. Uwezo huo wa kushikilia jambo kwa sekunde au dakika chache na kulitumia papo hapo ndio kumbukumbu tendaji. Hauna nafasi kubwa. Kwa mtu mzima mwenye afya ni mambo kama manne hivi kwa wakati mmoja. Ni tofauti na kumbukumbu ya muda mrefu, ile inayohifadhi harusi yako na jina la mwalimu wako wa darasa la kwanza. Dereva wetu anakumbuka harusi yake vizuri sana, na hilo ndilo linalowapotosha ndugu.

Katika miaka ya 1930, huko Chuo Kikuu cha Yale, mtafiti Carlyle Jacobsen aliwaonyesha nyani chakula kikifichwa chini ya kikombe kimoja kati ya viwili, akashusha pazia kwa sekunde chache, kisha akawaacha wachague. Nyani wazima walichagua sawasawa. Walioondolewa sehemu ya mbele ya ubongo walibahatisha, ingawa macho yao yalikuwa mazima na walikitamani chakula. Mwaka 1971, Joaquín Fuster na Garrett Alexander walichapisha ugunduzi kwamba zipo seli za eneo hilo zinazoendelea kufanya kazi wakati wote wa kusubiri, wakati hakuna chochote cha kutazama. Seli hizo hushikilia kile ambacho macho hayakioni tena.

Hapo ndipo kumbukumbu inapokutana na tabia. Kusudi la kumheshimu mama mkwe ni jambo la kushikiliwa akilini wakati neno chafu limefika kwenye ulimi. Kodi ya nyumba ya mwisho wa mwezi haionekani. Noti iliyo mkononi na mkeka wa kubeti kwenye simu vinaonekana. Kinachoshikilia kisichoonekana kikidhoofika, na kinachozuia kikidhoofika pamoja nacho, mtu anaongozwa na kilicho mbele yake. Hajabadili imani wala hajaacha kuwapenda watu wake. Anapungukiwa na nguvu ya kukileta anachokijua kwenye tendo, kwa wakati unaotakiwa.

Kuna mgonjwa wa Marekani anayejulikana katika maandiko ya kitabibu kwa herufi EVR tu, aliyeelezwa na Paul Eslinger na Antonio Damasio mwaka 1985. Alikuwa mhasibu. Alifanyiwa upasuaji wa uvimbe uliokuwa ukiikandamiza sehemu ya chini ya mbele ya ubongo wake, na baadaye vipimo vya akili vilimpa alama za juu kuliko watu wengi. Alipoulizwa maswali ya mema na mabaya alijibu vizuri. Nje ya chumba cha vipimo alifilisika katika biashara ambayo watu walimwonya asiingie, akafukuzwa kazi, ndoa yake ikavunjika, na ya pili ikavunjika pia. Kuchagua mahali pa kula chakula cha jioni kulimchukua saa nzima na zaidi. Nawaomba ndugu wamkumbuke huyu kabla ya kuitisha kikao kingine. Alijua yote ambayo kikao kingemwambia.

Hatua ya 1: Hakikisha si dharura

Kabla ya kupanga lolote nyumbani, tazama mwelekeo. Jeraha la ubongo linalopona huenda likitulia polepole, hata kama kuna siku mbaya. Mtu anayezidi kuharibika wiki hadi wiki ana tatizo jipya. Linaloogopwa zaidi ni damu inayojikusanya taratibu chini ya utando wa ubongo, ambayo inaweza kujitokeza wiki kadhaa baada ya ajali, hasa kwa wazee na wanywaji wa pombe. Dalili zake ni kichwa kuuma kunakoongezeka, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, kutapika, au mguu na mkono wa upande mmoja kulegea. Rudi hospitali siku hiyo hiyo. Fanya hivyo pia akipata degedege, au maji yasiyo na rangi, yenye ladha ya chumvi, yakimdondoka puani anapoinama, kwani yanaweza kuwa maji yanayozunguka ubongo.

Kama aliandikiwa dawa za kuzuia degedege, asiziache kwa sababu tu anajisikia vizuri. Na pombe isiingie kabisa. Inashusha zaidi uwezo uleule uliokwisha kuumia, na inakaribisha degedege.

Hatua ya 2: Andika daftari kwa wiki mbili

Daktari ana dakika chache, na mgonjwa wa aina hii huwa mzuri sana ndani ya dakika hizo. Anajibu kwa adabu na kusema hana tatizo, naye haongopi. Kutoyaona mabadiliko yake mwenyewe ni sehemu ya jeraha. Daftari la familia lina uzito kuliko jibu lake.

Usiandike "amekuwa mkorofi." Andika saa, mahali, kilichotangulia, alichofanya, na ilichukua muda gani kutulia. Mke wa dereva aliandika hivi: "Jumanne, saa kumi na moja jioni. Watoto wanacheza, redio imewashwa, nilikuwa namuuliza kuhusu ada. Akatupa sahani. Baada ya robo saa akaomba chai kama hakuna kitu." Siku nyingine: "Jumamosi asubuhi, tuko wawili, nikamuuliza kuhusu ada. Tukaongea vizuri."

Kurasa chache za namna hiyo zilionyesha jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameliona. Milipuko karibu yote ilikuwa jioni, amechoka, kuna kelele, na ameulizwa maswali mawili kwa pamoja. Kumbukumbu tendaji hupungua kwa uchovu, kukosa usingizi na msongo hata kwa mtu mzima wa afya. Kwa aliyeumia akiba ni ndogo, nayo huisha mapema zaidi.

Hatua ya 3: Vipimo vidogo vya mezani

Vipimo hivi havitoi jina la ugonjwa. Vinakusaidia kujua ugumu uko wapi, na kuwa na jambo la kumwonyesha mtaalamu. Vifanye asubuhi, redio imezimwa, na umpime pia ndugu wa rika na elimu inayolingana naye ili uwe na cha kulinganisha. Mtu asiyesoma sana anaweza kupata kidogo bila ugonjwa wowote.

Anza na namba. Taja tarakimu moja kila sekunde, bila kuzifunga kwa makundi: 5, 2, 9. Azirudishe. Ongeza moja moja mpaka akosee urefu uleule mara mbili. Kisha mwambie azirudishe kinyumenyume. Kwenda mbele, watu wazima wengi hufika tano hadi saba. Kinyumenyume hupungua moja au mbili, kwa sababu hapo unazishikilia na kuzigeuza kwa wakati mmoja. Dereva wetu alifika sita kwenda mbele na mbili tu kinyumenyume. Pengo kubwa la namna hiyo linakuambia kwamba masikio na usikivu vipo, ila kuzifanyia kazi namba akilini ndiko kunakomshinda.

Kipimo cha pili ni cha kujizuia. Mwambie: nikigonga meza mara moja, nawe gonga mara moja, nikigonga mara mbili, usigonge. Kabla ya kuanza mwombe ayarudie maelezo kwa mdomo. Kisha gonga kwa kuchanganya, mara kumi hivi. Aliyeumia sehemu ya mbele huweza kuyarudia maelezo barabara halafu akagonga kila unapogonga. Ukiona hivyo, umeona kwa macho yako mdomo na mkono vikiachana.

Cha tatu ni harufu, na nashangaa kinavyosahauliwa. Neva za kunusa zinapita kwenye vitundu vyembamba vya mfupa chini kabisa ya sehemu ya mbele ya ubongo, na hukatika kirahisi pale ubongo unaposogea. Afumbe macho, zuia tundu moja la pua, umpe karafuu iliyosagwa au kahawa, kisha tundu la pili. Usitumie pilipili, dawa ya kuchua wala kitu chochote kinachowasha, maana mwasho unapita kwenye neva nyingine na atauhisi hata kama hasikii harufu kabisa. Asiyesikia harufu baada ya ajali anaweza kuwa ameumia pia sehemu ile ya chini inayohusika na kujizuia. Isitoshe, hatasikia gesi ikivuja wala chakula kikiungua, basi asiachwe jikoni peke yake.

Hatua ya 4: Mtihani wa sokoni

Mezani, wewe ndiye unayemwambia aanze lini, afanye nini na aache lini. Yaani unamwazima sehemu ya mbele ya ubongo wako. Ndiyo maana mtu kama EVR hufaulu. Mwaka 1991 Tim Shallice na Paul Burgess wa Uingereza waliwatoa wagonjwa wao nje wakawatuma mtaa wa maduka wakiwa na orodha ya shughuli na kanuni chache, na hapo upungufu uliojificha ukaonekana. Nafasi hiyo unaweza kuipata katika soko lolote la karibu.

Dereva alipewa shilingi 10,000 na kutumwa kununua unga wa 2,000, sabuni ya 1,500, vocha ya 1,000 na ndimu za 500. Aulize pia bei ya kilo ya mchele, na apige simu nyumbani saa nne na nusu. Kanuni zilikuwa tatu: asinunue kitu nje ya orodha, asiingie duka moja mara mbili, awe amerudi kabla ya saa tano. Aliyarudia yote kwa mdomo bila kukosea. Shemeji yake alimfuata kwa mbali akiandika, bila kumkumbusha chochote.

Alinunua sabuni na ndimu. Akapita mbele ya muuza miwani ya jua, akasimama, akanunua miwani ya 6,000. Akanunua vocha. Kwenye unga akakuta amebakiwa na 1,000. Aliingia duka moja mara tatu, akisahau kila mara kilichompeleka. Hakupiga simu wala hakuuliza bei ya mchele. Alirudi saa sita kasoro. Alipoulizwa kanuni zilikuwa zipi, alizitaja zote tatu.

Shemeji alikasirika: "Si unaona? Anajua, anafanya makusudi." Mimi nasema karatasi hiyo ndiyo ushahidi bora kuliko wote walionao, na iende kwa daktari kama ilivyo. Isome kwa makundi matatu. Yapo aliyoyasahau kabisa, mfano simu na mchele. Yapo aliyoyajua na kuyavunja, mfano miwani. Yapo aliyoyafanya kwa mzunguko usio na mpango, mfano duka mara tatu. La kwanza linahitaji kikumbusho, la pili linahitaji kizuizi kilicho nje yake, la tatu linahitaji mtu au karatasi ya kumpangia mfuatano.

Hatua ya 5: Toa kumbukumbu nje ya kichwa

Kama seli hazishikilii kisichoonekana, kifanye kionekane. Huo ndio msingi wa hatua hii yote, nami naamini ndipo familia nyingi zinapopata nafuu ya kwanza.

Maagizo yawe moja moja. "Nenda kaoge, halafu uvae ile shati, tunatoka saa tatu" ni mambo matatu. Sema la kwanza, subiri liishe, ndipo useme la pili. Ratiba ya siku iandikwe kwa herufi kubwa na kubandikwa ukutani pale anapokaa, ikiwa na saa na tendo tu, bila maneno ya nasaha. Vitu vikae mahali pamoja daima: ufunguo, simu, dawa. Mtu mmoja aongee kwa wakati, redio ikiwa imezimwa.

Kisha mfundisheni kusimama kabla ya kutenda. Wekeni kengele ya simu ilie mara chache kwa siku, na kila inapolia ajiulize kwa sauti: nilikuwa nafanya nini, na kinachofuata ni kipi? Kengele haimwambii cha kufanya. Inamkatisha tu kwenye kinachomvuta, ili kusudi lake la awali lipate nafasi. Mwanzoni mke alikuwa anamuuliza yeye. Baadaye aliinua tu kiganja, naye akajiuliza mwenyewe.

Walirudia safari ya soko baada ya wiki kadhaa, kwa kadi yenye mistari ya kukata kila kitu kinachomalizika, bahasha yenye pesa kamili ya orodha pamoja na chenji kidogo, na kengele saa nne na nusu. Alinunua vyote vinne, akapiga simu, akasahau mchele. Ubongo wake haukuwa umepona ghafla. Kazi ya kushikilia ilikuwa imehamia kwenye kadi.

Hatua ya 6: Linda pesa kabla hazijaondoka

Hapa maneno husaidia kidogo kuliko mahali pengine popote. Mwaka 1994 Antoine Bechara na wenzake katika Chuo Kikuu cha Iowa waliwapa watu mafungu manne ya karata. Mawili yalitoa dola 100 kwa kila karata lakini yalikuwa na hasara kubwa ndani yake. Mawili yalitoa dola 50 na hasara ndogo. Kwa kila karata kumi, mafungu ya 100 yalimwacha mchezaji na hasara ya 250, na yale ya 50 yakampa faida ya 250. Pesa ilikuwa ya mchezo. Watu wazima wenye afya walihamia polepole kwenye mafungu ya 50. Walioumia sehemu ya chini ya mbele ya ubongo waliendelea kuyafuata ya 100, na baadaye ilionekana kwamba wengine kati yao waliweza hata kusema fungu lipi ni baya huku mkono ukilichukua. Wenzao wenye afya mikono ilianza kutoa jasho jepesi kabla ya kugusa fungu baya. Kwao onyo hilo la mwili halikuonekana.

Sasa mpe mtu huyo simu yenye kubeti, mikopo ya papo hapo na namba ya siri anayoijua mwenyewe. Kumwelimisha juu ya hatari hakutaleta onyo lile mwilini mwake. Kwa hiyo fanyeni haya, naye akiwa amekaa mezani na kukubali, maana heshima yake haikuumia kwenye ajali: pesa kubwa iwe kwenye akaunti inayohitaji watu wawili, kwenye simu ibaki ya matumizi ya siku, programu za mikopo na kubeti ziondolewe, na wawepo watu wawili anaowaamini ambao kila ununuzi unaozidi kiasi mlichokubaliana lazima usubiri siku moja na kupitia kwao. Hati ya kiwanja na kadi ya pikipiki zikae kwa mzazi au kaka mkubwa. Wakopeshaji wa mtaani waambiwe mapema, kabla hawajakopesha.

Hatua ya 7: Hasira, na ukimya

Hasira ya jeraha hili huwaka haraka na kuzima haraka. Wakati inawaka usibishane, usidai msamaha, usimguse. Punguza sauti, ondoa watoto, sema sentensi moja fupi, toka nje ya chumba. Rejea akiwa ametulia na umwambie kilichotokea kwa maneno mepesi, siku hiyo hiyo, kwa sababu kesho hakitakuwa na uhusiano wowote akilini mwake na tendo lenyewe. Daftari limekwisha kukuonyesha saa za hatari. Hamishia mazungumzo ya ada asubuhi, na alale kidogo mchana. Akianza kutishia kwa silaha au kupiga, hilo limezidi uwezo wa nyumba. Ondoka na watoto kwanza, kisha tafuta msaada wa hospitali.

Yule anayekaa kibarazani bila kuanza lolote hupuuzwa kwa kuwa hasumbui. Kumwita mvivu kunamwonea. Mwanzishie: mpe jembe mkononi, anza naye mstari wa kwanza, na mara nyingi ataendelea peke yake. Ila akiwa analia, hali, halali, au anazungumzia kufa, usidhani ni jeraha tu. Huzuni kali ni ya kawaida baada ya kuumia ubongo, na ina matibabu.

Hatua ya 8: Kazi

Dereva alitaka pikipiki yake tangu wiki ya kwanza. Jibu lilikuwa hapana, mpaka daktari aamue. Degedege inaweza kuja miezi kadhaa baada ya jeraha kubwa, na mtu anayebeba mambo mawili tu akilini, asiyeweza kusitisha tendo lililokwisha kuanza, hafai kubeba abiria barabarani.

Lakini kukaa bure nako kunaharibu. Phineas Gage ndiye mgonjwa anayetajwa kuliko wote katika habari hizi. Tarehe 13 Septemba 1848, karibu na mji wa Cavendish, Vermont, akiwa na miaka 25 na msimamizi wa wapasua mwamba wa reli, baruti iliripuka na mtaimbo wenye urefu wa zaidi ya mita moja na uzito wa kilo 6 hivi ukapita shavuni na kutokea juu ya kichwa chake. Aliishi. Daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba alikuwa mtu wa matusi na mipango isiyodumu, na kwamba rafiki zake walisema huyu si Gage tena. Waajiri wake hawakumrudisha kwenye nafasi yake. Wengi huishia hapo. Sehemu ya pili ya maisha yake ndiyo yenye faida kwetu: alikwenda Chile na kufanya kazi ya kuendesha magari ya abiria ya farasi kwa miaka kadhaa, kabla ya kurudi Marekani akiwa mgonjwa na kufariki mwaka 1860 baada ya kushikwa na degedege. Kazi ile ilikuwa na farasi walewale wa kulisha alfajiri, njia ileile, saa ileile ya kuondoka. Mtafiti Malcolm Macmillan, aliyeichunguza kwa kina habari ya Gage, anaona kwamba utaratibu huo wa nje ulimsaidia kujitengeneza upya.

Kwa dereva wetu, kijiwe kilimpatia kazi ya kuosha pikipiki za wenzake. Saa mbili asubuhi mpaka saa sita, kabla ya uchovu. Hatua sita zimeandikwa kwenye kipande cha bati: toa vitu vya abiria, mwaga maji, sabuni, sugua, suuza, futa. Pesa hapokei yeye. Mwenyekiti wa kijiwe anaandika, na mke anachukua jioni. Mwezi wa kwanza mwenyekiti alikaa karibu. Mwezi wa pili akawa anapita kila saa. Wanaongeza jambo moja tu kwa wakati, na wanarudi nyuma hatua moja makosa yakizidi kwa wiki nzima. Nafuu ya haraka huonekana zaidi katika miezi sita ya mwanzo, kisha hupungua kasi lakini huendelea hata mwaka wa pili, kwa hiyo kipimo cha namba na safari ya soko vinarudiwa kila baada ya miezi mitatu, kwa orodha mpya, na karatasi zote zinawekwa kwenye faili moja anayokwenda nayo kliniki. Hospitali yenye mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yule anayemrudisha mgonjwa kwenye shughuli za kila siku, ndiyo ya kuombea rufaa. Mkimpelekea faili hiyo atajua pa kuanzia.